Sauti ya Kiswahili au manukuu peke yake: kusoma muda wa kutazama bila kujidanganya

Mwenye chaneli ya YouTube anayefundisha kwa Kiingereza na anayetaka kueleweka na wanaozungumza Kiswahili ana njia mbili kubwa mbele yake. Anaweza kuandika manukuu ya Kiswahili yakapita chini ya picha huku sauti ikibaki ya Kiingereza, au anaweza kuongeza mkondo wa pili wa sauti, ambapo mtu mwingine amesoma maelezo yote kwa Kiswahili na mtazamaji anachagua anachotaka kusikia. Njia ya kwanza ni nafuu. Ya pili inakula muda, koo na wakati mwingine fedha. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo kila mwenye chaneli huniuliza, kwa kuwa kazi yangu ni kuhariri video za mafunzo, ni hili: je, mkondo wa sauti unaleta muda mwingi wa kutazama kuliko manukuu, na unazidi kwa kiasi gani?

Swali lenyewe ni halali, lakini jibu ambalo wengi hujipatia si halali. Hufungua takwimu za chaneli, wakatazama jedwali la mikondo ya sauti, kisha jedwali la manukuu, wakachukua tarakimu ya Kiswahili kutoka kila moja na kuziweka bega kwa bega. Karibu kila mara sauti hushinda kwa mbali, na mwenye chaneli huondoka ameridhika. Ninachotaka kueleza hapa ni kwa nini ulinganisho huo hauna maana, na ni upi unaoweza kushika mahali pake.

Kwanza historia kidogo, kwa kuwa inaeleza tarakimu zinazozunguka mitandaoni. Zamani aliyetaka lugha ya pili alilazimika kufungua chaneli nyingine kabisa, akaanza kutafuta wafuasi upya. Mnamo Februari 2023 YouTube ilitangaza kwamba maelfu ya wenye chaneli wataruhusiwa kuweka mikondo kadhaa ya sauti ndani ya video ileile, baada ya jaribio dogo lililomhusisha MrBeast. Katika tangazo hilo kampuni ilisema kwamba kwenye video za jaribio zenye mikondo mingi, zaidi ya asilimia 15 ya muda wa kutazama ilitoka kwa watu waliosikiliza lugha isiyo ya awali. Septemba 2025, ilipotangaza kuwa nafasi hiyo inapanuliwa kwa mamilioni ya wenye chaneli, ilisema wastani umefika zaidi ya asilimia 25, na ikataja chaneli ya mpishi Jamie Oliver kuwa mara zake za kutazamwa zilifika mara tatu.

Sina sababu ya kuzitilia shaka tarakimu hizo, lakini zisome tena polepole. Asilimia 25 ni sehemu ya muda wote iliyosikilizwa kwa lugha nyingine. Haisemi kwamba muda wa chaneli umeongezeka kwa robo. Ndani ya sehemu hiyo wamo watu ambao wasingetazama kabisa bila sauti mpya, na wamo pia wale waliokuwa wakitazama tangu zamani kwa lugha ya awali, pengine kwa kusoma manukuu, ambao sasa wamehamia tu kwenye mkondo unaowafaa zaidi. Makundi haya mawili yanaonekana sawasawa kwenye jedwali. Kazi yote ya kulinganisha sauti na manukuu ni kazi ya kuyatenganisha.

Tuingie kwenye takwimu zenyewe. Ukifungua YouTube Studio, ukaenda Analytics na kisha `Advanced mode`, unaweza kugawa muda wa kutazama kwa kigezo cha `Audio track`. Jedwali hilo hugawa muda wote: kila dakika iliyotazamwa ilikuwa na sauti ya mkondo fulani, kwa hiyo safu za mikondo zikijumlishwa zinakaribia jumla ya video. Jedwali la manukuu halifanani nalo. Lenyewe linaeleza kama manukuu yalikuwa yamefunguliwa na kwa lugha gani, juu ya sauti yoyote iliyokuwa ikichezwa. Mtu wa Morogoro anayesikiliza Kiingereza huku akisoma Kiswahili anahesabiwa mara mbili katika majedwali mawili tofauti: dakika zake zimo kwenye safu ya Kiingereza upande wa sauti, na zimo kwenye safu ya Kiswahili upande wa manukuu. Na yule anayesikiliza mkondo wa Kiswahili huku amefungua manukuu ya Kiswahili kwa sababu yuko kwenye daladala lenye kelele, dakika zake ziko kwenye Kiswahili pande zote mbili. Kwa hiyo ukisema "sauti ya Kiswahili dakika elfu nne, manukuu ya Kiswahili dakika mia tano", unalinganisha vitu ambavyo kwa sehemu ni dakika zilezile, na kwa sehemu nyingine ni dakika ulizoziweka upande wa mshindani.

Wanaochukua takwimu kwa YouTube Reporting API, yaani njia ya kupakua ripoti za chaneli kwa programu, hupata undani kidogo zaidi. Ripoti ya manukuu ina safu hizi miongoni mwa nyingine:

```
country_code
subtitle_language
subtitle_language_autotranslated
watch_time_minutes
```

Safu ya tatu ina thamani kubwa kwetu. Mtazamaji anaweza kuomba manukuu ya Kiingereza yatafsiriwe na mashine papo hapo kwenda Kiswahili, hata kama mwenye chaneli hajaandika neno. Safu hiyo ndiyo inayotenganisha manukuu uliyoyaandika wewe na yale yaliyotoka kwa mashine. Kabla hujatangaza kwamba manukuu hayavuti watu nchini Tanzania, hakikisha hujapima tafsiri ya mashine iliyogeuza maelezo ya nyaya kuwa fumbo.

Kuna tofauti nyingine inayofichwa na majedwali: namna mtu anavyofika kwenye chaguo. Mkondo wa sauti huchaguliwa na YouTube yenyewe kwa kufuata lugha anazopendelea mtazamaji na lugha ambazo amezoea kutazama, na asiporidhika anaweza kubadilisha kwenye alama ya gurudumu la mipangilio. Kwa nadharia hii ni habari njema. Kwa Afrika Mashariki kuna tatizo ambalo wenye chaneli za Kihispania au Kihindi hawalioni sana: simu nyingi mno za watu wanaozungumza Kiswahili kutwa nzima zimewekwa Kiingereza, kwa kuwa ndivyo zilivyotoka dukani na ndivyo fundi alivyoziacha. Mtu kama huyo huenda akacheza video yenye mkondo mzuri wa Kiswahili, akasikia Kiingereza, na asijue kamwe kwamba kulikuwa na kingine. Dakika zake zitasomwa kama ushahidi kwamba "Watanzania wanapenda Kiingereza". Kwa sababu hiyo mimi huwashauri wenye chaneli waseme kwa Kiswahili, ndani ya sekunde za mwanzo za video ya awali au kwenye maoni yaliyobanwa juu, kwamba sauti ya Kiswahili ipo na inapatikana wapi. Ni jambo dogo, na linaweza kusogeza tarakimu kuliko ubora wa msomaji wa sauti ya Kiswahili.

Upande wa pili, anayefungua manukuu mara nyingi amefanya hivyo kwa kusudi. Anataka kitu fulani na yuko tayari kuhangaika. Watu wa namna hiyo hukaa muda mrefu kwenye video hata ungewapa karatasi tupu ya kusoma. Ndiyo maana wastani wa muda kwa kila mara ya kutazama haufai kutumika peke yake kama kipimo cha ubora. Ukiona wanaosoma manukuu hukaa dakika sita na wanaosikiliza Kiswahili hukaa dakika tano, hujapata uthibitisho kwamba manukuu ni bora. Inawezekana umepima tofauti ya watu, yaani wale waliotafuta kwa bidii dhidi ya wale waliopewa mkondo bila kuomba.

Sasa niweke mfano mmoja na kuupitia hadi mwisho. Chukulia chaneli inayofundisha ufungaji wa mifumo midogo ya umeme wa jua: paneli, betri, inveta, kidhibiti chaji, ukubwa wa nyaya, mahali pa kuweka fyuzi. Mfundishaji ni Mkenya anayezungumza Kiingereza, video zake ni za dakika kumi na mbili hivi, na sehemu kubwa ya watazamaji wake wako Kenya, Tanzania na mashariki ya Kongo. Tarakimu nitakazotumia ni za kukokotolea tu, nimezichagua ziwe rahisi kufuatwa.

Tunachagua video nane za zamani ambazo kutazamwa kwake kumetulia. Video mpya haifai kwa kazi hii, kwa sababu wiki zake za mwanzo hutegemea zaidi kama YouTube imeisukuma kwenye kurasa za mwanzo kuliko kitu kingine chochote. Tunazipanga kwa jozi zinazokaribiana kwa mada na kwa dakika za kutazamwa kutoka Tanzania, kisha katika kila jozi tunarusha sarafu. Video iliyoshinda inaingia kundi la kwanza na kupata sauti ya Kiswahili pamoja na manukuu ya Kiswahili. Iliyoshindwa inaingia kundi la pili na kupata manukuu peke yake.

Kuna sharti moja ambalo likivunjwa jaribio zima linaharibika: kichwa cha video na maelezo yake vitafsiriwe kwa Kiswahili katika makundi yote mawili, siku ileile. Kichwa kilichotafsiriwa huifanya video ionekane kwa mtu anayeandika "jinsi ya kufunga inveta" kwenye kisanduku cha kutafutia. Watu wengi huweka sauti mpya na kichwa kipya kwa pamoja, wakaona watazamaji wanaongezeka, na kuipa sauti sifa zote, ilhali sehemu ya ongezeko ililetwa na kichwa ambacho kingeweza kuwekwa kwa dakika tano bila kumwita msomaji yeyote. Kutafsiri vichwa pande zote mbili huondoa mchango huo kwenye ulinganisho.

Kisha tunapima siku 28 kabla na siku 28 baada, tukichuja Tanzania peke yake. Siku 28 zina majuma manne kamili, hivyo Jumamosi na Jumapili zinakuwa sawa pande zote. Tuseme kundi la kwanza, lenye sauti, lilikuwa na dakika 6,000 kabla na 9,600 baada. Kundi la pili, lenye manukuu tu, lilikuwa na 5,000 kabla na 6,000 baada.

Kundi la pili limeongezeka kwa asilimia 20. Ongezeko hilo ni mchango wa manukuu, vichwa vipya, na chochote kingine kilichotokea mwezi huo, kama mgawo wa umeme uliowafanya watu watafute habari za sola. Kundi la kwanza lingekuwa na kichocheo hichohicho hata bila sauti, kwa hiyo tungelitarajia lifike 7,200. Limefika 9,600. Tofauti ya dakika 2,400 ndiyo mchango wa sauti juu ya manukuu.

Sasa tufungue jedwali la `Audio track` la kundi la kwanza. Tuseme linaonyesha dakika 4,100 za mkondo wa Kiswahili na 5,500 za Kiingereza, na jedwali la manukuu la kundi hilohilo linaonyesha dakika 500 za Kiswahili. Anayelinganisha kwa haraka ataandika kwamba sauti imeyashinda manukuu mara nane. Lakini sisi tunajua kwamba bila sauti kungekuwa na dakika 7,200 zote za Kiingereza, na sasa Kiingereza kimebaki na 5,500. Dakika 1,700 zimehama kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Hao ni watu ambao wangetazama vyovyote vile. Kati ya dakika 4,100 zinazojivunia jina la Kiswahili, 2,400 ni nyongeza ya kweli na zinazobaki ni uhamisho.

Na yale manukuu yenye dakika 500? Tazama kundi la pili, ambako hakuna sauti ya Kiswahili: tuseme huko manukuu ya Kiswahili yana dakika 1,500. Kundi hilo ni dogo kidogo, hata hivyo manukuu yake yanatazamwa mara tatu zaidi. Maana yake manukuu ya kundi la kwanza hayakukataliwa na Watanzania. Waliokuwa wakiyasoma wamepewa sauti, wakaacha kusoma. Tarakimu ya 500 ni mabaki baada ya sauti kupita, na kuitumia kupima uwezo wa manukuu ni kuyaonea. Uwezo wa manukuu peke yake unaonekana mahali ambapo yako peke yake.

Uhamisho, niseme wazi, si hasara. Mtu aliyehama kutoka Kiingereza cha kukisia kwenda Kiswahili cha kueleweka huenda asiongeze hata dakika moja kwenye takwimu, lakini akafunga fyuzi upande sahihi wa betri. Muda wa kutazama hauna uwezo wa kuonyesha jambo hilo. Ninachopinga ni kuuhesabu uhamisho kama watazamaji wapya pale unapoamua kama fedha za kurekodi video inayofuata zitarudi.

Jozi nne ni chache, na hili lisipuuzwe. Video moja ikiwekwa kwenye kundi la WhatsApp la mafundi inaweza kuongeza dakika elfu mbili kwa juma moja na kufuta hesabu yote. Kwa hiyo kabla ya kuamini jumla, tazama kila jozi peke yake. Ikiwa katika jozi tatu au zote nne video yenye sauti imekua zaidi ya mwenzake, una jambo mkononi. Ikiwa ongezeko lote linatoka kwenye video moja na nyingine tatu zimelala, huna kitu. Ongeza jozi au subiri siku 28 nyingine. Halafu rudia hesabu hiyohiyo kwa nchi ambayo hukutarajia iathirike, kwa mfano Nigeria. Kama na huko kundi la kwanza limepanda vilevile, basi kilichopandisha Tanzania hakikuwa sauti ya Kiswahili.

Kenya na Tanzania zinastahili kupimwa kando kando. Tanzania shule za msingi za umma hufundisha kwa Kiswahili na Kiingereza huingia kama lugha ya kufundishia sekondari. Kenya Kiingereza hushika mapema zaidi. Natarajia, na hapa nasema maoni yangu, kwamba nchini Kenya uhamisho utakuwa mkubwa na nyongeza ndogo, kwa kuwa mtazamaji wa Nakuru angeielewa video ya Kiingereza hata hivyo. Ukizijumlisha nchi mbili hizi, wastani utakaopata hautakuwa wa Nakuru wala wa Morogoro.

Sasa nije kwenye sababu, kwa maana tarakimu zisizo na sababu huwezi kuzihamishia kwenye video nyingine. Katika video za ufundi, manukuu yanaomba jicho lilelile ambalo picha inalihitaji. Fundi anaonyesha waya mwekundu unaingia wapi. Mtazamaji anatakiwa kuuona waya na kusoma sentensi kwa wakati mmoja, kwenye kioo cha simu kinachoenea kiganjani, pengine akiwa ameshika bisibisi. Taratibu zinazofuatwa na wengi katika kazi ya manukuu huweka kikomo cha herufi 42 kwa mstari, mistari miwili kwa wakati, na kila kipande kisikae kwenye kioo zaidi ya sekunde saba. Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, kwa hiyo maneno yake ni marefu na herufi 42 hujaa upesi. Mwandishi wa manukuu hulazimika kupunguza, na anachopunguza kwanza huwa ni yale maelezo ya pembeni, "usikaze sana, utapasua terminali", ambayo kwa fundi ndiyo yenye faida. Sauti haina ushindani huo na jicho.

Kwa video za mazungumzo hali ni tofauti. Mtu ameketi mbele ya kamera anaeleza namna ya kusoma bili ya umeme. Picha haina kazi kubwa, jicho lina nafasi ya kusoma, na sauti ya awali ya mhusika ina hisia zake ambazo msomaji wa studio hawezi kuzirudisha. Hapo manukuu hukaribia sauti kwa muda wa kutazama, na kwa gharama hayakaribiwi. Mtu akiniambia "sauti hushinda manukuu" bila kuniambia jicho la mtazamaji lilikuwa na kazi gani, siwezi kuitumia habari yake.

Nadhani wazee wa mabanda ya video walilijua hili bila jedwali lolote. Lufufu huko Tanzania na DJ Afro nchini Kenya walijipatia umaarufu kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya picha, na watu walilipa kiingilio kuwasikiliza. Si mfano kamili, kwa sababu wasimulizi hao waliongeza utani na maelezo yao, na huenda wengi walikwenda kumsikiliza msimulizi kuliko kuiona filamu.

Sauti mbaya, hata hivyo, hushindwa na manukuu mazuri, na ubaya huo una dalili zake. Ya kwanza ni mwendo. YouTube inataka faili ya sauti iwe na urefu unaokaribiana na video, na maelezo ya Kiswahili yaliyotafsiriwa neno kwa neno hurefuka kuliko ya Kiingereza. Msomaji asiyepunguziwa maandishi hukimbia ili awahi, au huchelewa kidogo kidogo mpaka dakika ya nane anasema "bana hapa" wakati mkono ulioonyesha mahali pa kubana umeshaondoka. Dawa yake iko kwenye maandishi kabla ya kurekodi: gawa hati kwa vipande vya sekunde kumi au ishirini kufuata matendo yanayoonekana, soma kila kipande kwa sauti ukitazama saa, na kila kisichoenea kiandikwe upya. Kuharakisha sauti kwa programu baadaye husikika, na huchosha sikio.

Dalili ya pili ni mandharinyuma. Kama video ya awali ilihaririwa vizuri, muziki na milio ya vyombo viko kwenye mikondo yao, na sauti ya mfundishaji inaweza kuondolewa peke yake. Kama vimeshachanganywa na faili za mradi zimepotea, msomaji wa Kiswahili ataongea katika ukimya wa studio huku picha ikionyesha drili inayozunguka bila mlio. Njia ya nusu, inayokubalika kabisa kwa mafunzo, ni kuiacha sauti ya awali ikisikika kwa chini sana na kuanza ya Kiswahili sekunde moja baadaye, kama redio zinavyofanya zikimtafsiri mgeni. Ipime kwa spika ya simu ya bei ndogo, kwani ndiko itakakosikilizwa. Kinachosikika wazi kwenye vipokea sauti vya studio mara nyingi hugeuka uji wa lugha mbili kwenye spika hiyo.

Dalili ya tatu ni msamiati. Fundi wa Kariakoo anasema inveta, chaji kontrola, betri. Hati iliyotafsiriwa na mtu asiyewahi kushika kifaa itamletea istilahi za kamusi, na fundi ataona kazi kubwa kuzitafsiri tena kichwani kuliko kusikiliza Kiingereza chenyewe.

Takwimu zinaweza kukuonyesha kwamba mojawapo ya makosa haya limetokea. Nilisema wastani wa muda kwa kila mara ya kutazama si kipimo cha kulinganisha njia mbili, lakini unafaa kama king'ora. Ndani ya Tanzania, mkondo wa Kiswahili una sababu zote za kuwashikilia watu muda mrefu kuliko Kiingereza. Ukikuta unawashikilia muda mfupi kwa wazi, kwa mfano dakika tatu dhidi ya tano kwenye video ileile, usitafute maelezo katika tabia za watazamaji kabla hujaketi ukaisikiliza video hiyo mwanzo hadi mwisho. Ukiona pia maoni yanayouliza namna ya kurudisha sauti ya awali, tatizo liko kwenye kazi yenyewe.

Inabaki gharama. Katika mfano wetu nyongeza ya kweli ilikuwa dakika 2,400 kwa video nne, yaani dakika 600, sawa na saa kumi za kutazama, kwa kila video kwa siku 28, kutoka Tanzania peke yake. Kumrekodi msomaji kwa video ya dakika kumi na mbili, pamoja na kuandika hati upya, kurekodi, kukata na kuchanganya, ni kazi ya siku nzima au zaidi kwa mtu anayejua anachofanya. Kwa chaneli ambayo video zake hutazamwa kwa juma moja kisha husahaulika, kama habari za bei au za uchaguzi, hesabu hiyo hailipi na ningeandika manukuu nikaishia hapo. Kwa video ya namna ya kupima ukubwa wa waya wa sola, ambayo itaendelea kutafutwa miaka mitatu ijayo, saa kumi hizo zinajirudia kila mwezi bila kazi mpya.

Kwa hiyo utaratibu ninaowapa wenye chaneli ni wa hatua. Manukuu ya Kiswahili yaliyoandikwa na mtu, pamoja na vichwa vilivyotafsiriwa, huwekwa kwenye video zote kwanza. Baada ya miezi michache tunaziangalia zile ambazo manukuu ya Kiswahili yana dakika nyingi, kwa kuwa hizo tayari zina watu wanaosumbuka kusoma, na kati yake tunachagua zile ambazo mikono na vifaa viko kwenye picha muda mwingi. Hizo ndizo zinazopewa sauti, nusu kwanza, nusu nyingine ikisubiri kama kundi la kulinganishia. Zinazosubiri hupata sauti zao siku 28 baadaye iwapo nusu ya kwanza imeonyesha nyongeza, na kama haikuonyesha, fedha zilizobaki huenda kwenye manukuu ya Kifaransa kwa ajili ya Goma na Bukavu, ambako mtazamaji mwenye Kiswahili cha nyumbani na Kifaransa cha shule ni swali jingine la kupimwa upya.